Figo, Potasiamu na Moyo: Hesabu ya Sahani Moja ya Futari

Nyumba yenye mgonjwa wa figo huzoea upesi agizo la kupunguza chumvi, kwa kuwa kila mtu amekwisha kusikia madhara ya chumvi. Agizo linalofuata ndilo linalowashangaza wengi: mgonjwa apunguze ndizi, madafu, muhogo, maharage, hata tende. Hivi ni vyakula tunavyovisifu kila siku kuwa vinajenga mwili, na katika mwezi wa Ramadhani ndivyo vinavyojaa mkekani magharibi inapoingia. Akina mama wa nyumba huuliza, nao wana haki ya kuuliza, vipi chakula kilicho neema kwa mtu mmoja kiwe hatari kwa mwingine aliyeketi naye mkeka mmoja. Tena huambiwa kwamba hatari hiyo ni ya moyo, ilhali ugonjwa wenyewe uko kwenye figo.

Jibu limo katika madini yaitwayo potasiamu, na katika hesabu ndogo ambayo tunamwomba msomaji aifuate pamoja nasi.

Mwili wa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 una potasiamu ipatayo milimoli 3,500. Neno milimoli lisitutishe. Ni kipimo cha maabara tu, na milimoli 1 ya potasiamu ni uzito wa miligramu 39, yaani pungufu ya chumvi inayobanwa kwa vidole viwili. Katika hizo 3,500, takriban asilimia 98 imo ndani ya seli za mwili, hasa seli za misuli. Kiasi kidogo kilichobaki, kama milimoli 60 hivi, ndicho kilichoenea katika lita 14 za majimaji yaliyo nje ya seli, na maji ya damu ni sehemu ya majimaji hayo. Kwa hiyo mgonjwa akipimwa damu, karatasi ya maabara humwonesha namba ndogo sana. Mtu mzima wa afya huwa kati ya 3.5 na 5.0 kwa kila lita, wakati ndani ya seli zake kila lita ina milimoli 140 au zaidi.

Sasa tuitazame sahani. Tende kubwa moja ina potasiamu ya kiasi cha milimoli 4. Ndizi mbivu moja ya wastani ina 10. Glasi moja ya madafu ina kati ya 12 na 15, na sahani ya muhogo uliopikwa kwa nazi yaweza kufika 20. Mtu akifuturu kwa tende tatu, glasi mbili za madafu, sahani ya muhogo na ndizi mbili, amemeza takriban milimoli 80 katika muda usiozidi saa moja. Idadi hiyo inazidi potasiamu yote iliyokuwa nje ya seli zake kabla hajaketi. Lau kama ingebaki yote katika zile lita 14, kipimo cha damu yake kingepanda kutoka 4 hadi kupita 9, na kwa kawaida moyo hausalimiki katika namba hizo. Hata hivyo mamilioni ya watu hufuturu hivyo kila mwaka, huondoka mkekani wakaenda kuswali tarawehe, na vipimo vyao visisogee ila kidogo tu.

Kinachowalinda ni kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza hufanywa na seli zenyewe, na huanza mara moja. Ya pili hufanywa na figo, nayo huchukua saa kadhaa.

Ghala na bomba

Chakula chenye wanga kinapoingia mwilini, kongosho humwaga insulini. Wengi wetu tunaijua insulini kwa kazi ya kuingiza sukari katika seli, lakini ina kazi ya pili isiyosemwa sana, nayo ni kuingiza potasiamu. Katika utando wa kila seli kuna pampu ndogo zisizo na idadi, ambazo kila mzunguko mmoja hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Pampu hii iligunduliwa na mwanasayansi wa Denmaki, Jens Skou, mwaka 1957, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa ugunduzi huo mwaka 1997, akiwa mzee aliyekwisha kustaafu. Insulini huziongezea kasi pampu hizo. Ndiyo kusema kwamba potasiamu ya futari huhifadhiwa kwanza katika misuli, kama bidhaa inavyowekwa ghalani wakati bomba la kutolea halijafunguliwa vya kutosha. Tayari hapa msomaji ataona kwa nini mwenye kisukari yumo katika hali ya udhaifu: insulini yake ni haba au haisikilizwi na seli, kwa hiyo ghala lake hufunguka polepole.

Ghala, hata hivyo, halitoi kitu nje ya nyumba. Yale yaliyoliwa lazima yatoke, na kati ya kila sehemu kumi za potasiamu, tisa hutoka kwa njia ya mkojo. Moja tu hutoka na choo kikubwa.

Figo mbili za mtu mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku. Potasiamu inayopita katika kichujio hicho kwa siku ni zaidi ya milimoli 700, karibu mara kumi ya ile iliyoliwa. Msomaji angetarajia kwamba figo huacha kiasi inachotaka kutoa kipite, na kuzuia kilichobaki. Sivyo ilivyo. Sehemu ya mwanzo ya mirija ya figo hurudisha damuni potasiamu karibu yote, iwe mtu amekula ndizi kumi au hakula kitu. Uamuzi wa kiasi gani kitoke hufanyika mwishoni kabisa mwa mrija, katika kipande kifupi ambapo seli maalumu huichukua potasiamu kutoka damuni na kuisukumia katika mkojo. Potasiamu unayoikojoa leo kwa sehemu kubwa haikuchujwa ikapita. Imetolewa kwa makusudi mahali hapo. Tunaweza kukiita kipande hicho bomba la potasiamu, na usalama wa moyo umeshikamana na bomba hilo.

Bomba hili hufunguliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni sodiamu inayofika mahali hapo ikiwa ndani ya mkojo unaotiririka. Sodiamu ina chaji chanya ya umeme. Inapofyonzwa kutoka katika mrija kurudi kwenye seli, huuacha mkojo ukiwa na chaji hasi kidogo, na chaji hasi hiyo huivuta potasiamu, ambayo nayo ni chanya, itoke kwenye seli na kuangukia katika mkojo. Mkojo ukipungua kasi kwa sababu mtu hana maji ya kutosha mwilini, sodiamu inayofika ni kidogo na mvuto huo hudhoofika.

Cha pili ni homoni iitwayo aldosteroni. Hii hutoka katika tezi za adrenali, ambazo zimeketi juu ya figo mfano wa kofia. Tezi hizo huihisi potasiamu ya damu moja kwa moja; ikipanda hata kwa sehemu ndogo ya milimoli, aldosteroni humwagwa zaidi. Vilevile huamrishwa na homoni nyingine, angiotensini, ambayo mwanzo wake ni figo zenyewe. Aldosteroni ikifika kwenye seli za bomba, huongeza milango ya kupitisha sodiamu na kuzihimiza pampu, na potasiamu hutoka kwa wingi. Kwa njia hiyo mtu mzima wa afya hutoa karibu nusu ya potasiamu ya mlo wake ndani ya saa nne hadi sita, na iliyobaki hutoka taratibu mpaka siku inayofuata.

Yafaa kuongeza kwamba figo zina akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake na potasiamu yake ikabaki katika mpaka wa kawaida, kwa sababu mirija iliyosalia hufanya kazi maradufu. Uwezo ukishuka chini ya theluthi moja, akiba hiyo huwa imekwisha. Mgonjwa wa kiwango hicho aweza kuwa salama siku zote, lakini ni usalama usiostahimili jambo la ziada.

Moyo unavyohusika

Tumesema kwamba ndani ya seli kuna potasiamu 140 na nje kuna 4. Tofauti hii kubwa ndiyo inayozipa seli za moyo umeme wake. Seli ya moyo inapopumzika, milango fulani ya potasiamu katika utando wake huwa wazi. Potasiamu kidogo huchirizika kutoka penye wingi kwenda penye uchache, yaani nje, na kwa kuwa huondoka na chaji chanya, ndani ya seli hubaki hasi. Kipimo chake katika seli za misuli ya moyo ni takriban milivolti 90 hasi. Ni umeme mdogo sana ukilinganisha na betri ya tochi, lakini pigo la moyo hutegemea huo.

Pigo huanza pale milango ya sodiamu inapofunguka kwa ghafla na sodiamu kumiminika ndani. Milango hii ina tabia ambayo ni ufunguo wa makala haya yote, na mfano wake ulio karibu ni mtego wa panya. Mtego uliokwisha kufyatuka haukamati kitu mpaka utegwe tena. Milango ya sodiamu nayo, baada ya kufyatuka, hujifunga na kukwama, na kinachoitega upya ni ule umeme hasi wa mapumziko. Seli ikirudi kwenye milivolti 90 hasi, karibu milango yote hutegwa na iko tayari kwa pigo lijalo. Seli isiporudi mpaka hapo, sehemu ya milango hubaki imefyatuka.

Potasiamu ya damu ikipanda kutoka 4 hadi 7, ile tofauti ya ndani na nje hupungua, na kwa hesabu ya wanafiziolojia umeme wa mapumziko hupungua kwa kiasi cha milivolti 15. Mwanzoni jambo hili huonekana kama linauchangamsha moyo, kwa kuwa seli imesogea karibu na mahali pa kufyatukia na kichocheo kidogo chatosha kuiamsha. Uchangamfu huo haudumu. Kadiri potasiamu inavyozidi, mitego mingi zaidi haitegwi, wimbi la umeme linalopaswa kuenea moyoni kwa sehemu ndogo ya sekunde huenea kwa kujikokota, na kuna sehemu za moyo ambazo haliwezi kuzifikia. Hatimaye moyo hupiga kwa kudoda, au hutetemeka bila kusukuma damu, au husimama. Wanaouliza kama potasiamu nyingi huuamsha moyo au huulaza, jibu sahihi ni kwamba huuamsha kidogo kisha huulaza.

Mambo haya si mapya. Katika miaka ya 1880 tabibu Sydney Ringer wa London aliining'iniza mioyo ya vyura katika maji ya chumvi mbalimbali, akaona kwamba potasiamu ikizidi moyo husimama, kwamba bila kalsiamu moyo hauna nguvu ya kupiga, na kwamba viwili hivi hupingana kama watu wawili wanaovuta kamba. Maji ya dripu ambayo hata leo hospitalini yanaitwa Ringa yamebeba jina lake, na upinzani ule alioushuhudia ndio unaowaokoa wagonjwa, kama tutakavyoona.

Mzee mmoja na siku kumi na moja

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 68, tuliouunda kutokana na mambo yanayowakuta wagonjwa wa namna yake. Ana kisukari cha miaka mingi, na uwezo wa figo zake umeshuka hadi chini ya theluthi moja. Moyo wake pia ni dhaifu, kwa hiyo daktari amempa enalaprili, na hivi karibuni amemwongezea spironolaktoni ya miligramu 25. Alikwenda kupimwa kabla ya Ramadhani na potasiamu yake ilikuwa 5.1, yaani imegusa mpaka. Akaambiwa arudi baada ya wiki moja apimwe tena. Hakurudi, kwa kuwa alijiona mzima, na kwa kuwa mfungo ulikuwa umeanza.

Siku ya sita goti lilimuuma. Kijana wake akamnunulia duka la dawa vidonge vya ibuprofeni, akawa anameza viwili futari na viwili daku. Siku zilikuwa za joto na maji aliyokunywa usiku hayakutosha. Binti yake, kwa huruma, alimwambia, "Baba, maji tu hayakupi nguvu, kunywa madafu." Kuanzia siku ya nane akawa anakunywa madafu kila jioni, pamoja na ile sahani tuliyokwisha kuihesabu.

Tuyaweke mambo hayo mbele ya bomba letu. Mirija ya figo ni michache tangu awali. Enalaprili huzuia kutengenezwa kwa angiotensini, kwa hiyo amri ya kumwaga aldosteroni imepungua. Spironolaktoni huikalia nafasi ambayo aldosteroni ingeishika katika seli za bomba, kwa hiyo hata ile kidogo iliyopo haifanyi kazi. Ibuprofeni hupunguza damu inayofika figoni na huikata ile amri ya homoni katika chanzo chake. Kukosa maji kumepunguza sodiamu inayofika mwishoni mwa mrija. Na ghala la misuli, kwa sababu ya kisukari, halipokei kwa wepesi. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo peke yake lingemwangusha mzee huyu. Yamekutana yote, na kila jioni huingia milimoli 80.

Siku ya kumi na moja, baada ya futari, aliinuka akashindwa kusimama; miguu ilikuwa mizito kama si yake. Familia ilidhani ni sukari imeshuka, wakampima, sukari haikuwa chini. Mwanawe alipomshika mkono, mapigo yalikuwa 38 kwa dakika. Hapo wakampeleka hospitali, na walifanya vema wasisubiri alfajiri.

Muuguzi alipomaliza kumwamkia alimuuliza, "Mzee wangu, mbali na dawa za hospitali, kuna kingine unachomeza?" Akajibu, "Hakuna, mwanangu, ila vidonge vya goti tu." Maneno hayo yaliharakisha kazi. Kabla majibu ya damu hayajatoka, alifanyiwa kipimo cha umeme wa moyo. Kwa mwenye potasiamu nyingi, wimbi la mwisho katika mchoro huo, lile la seli kurudi mapumzikoni, huchongoka juu kama ncha ya hema, kwa sababu potasiamu ya nje inapozidi, milango ya potasiamu hupitisha zaidi na seli hurudi mapumzikoni kwa haraka isiyo ya kawaida. Lile wimbi dogo la mwanzo hulala na kutoweka. Wimbi kubwa la kati, ambalo ni umeme unaoenea katika vyumba vikubwa vya moyo, hutanuka. Kutanuka huko ndiyo ile mitego isiyotegwa, imeandikwa kwenye karatasi. Mchoro wa mzee huyu ulikuwa na alama zote tatu. Potasiamu ilipokuja ilikuwa 7.3.

Jambo la kwanza alilopewa halikuwa la kuondoa potasiamu. Alichomwa polepole katika mshipa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30. Kalsiamu haipunguzi potasiamu hata chembe. Inachofanya ni kupandisha kizingiti cha kufyatukia na kurudisha nafasi iliyopotea kati ya mapumziko na pigo, ndiyo ile kamba ya Ringer ikivutwa upande wa pili. Athari yake huonekana ndani ya dakika chache na huisha baada ya nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo ni ya kununua muda tu. Wimbi lililotanuka lilianza kusinyaa mbele ya macho yao.

Muda huo ulitumika kulifungua ghala. Alipewa uniti 10 za insulini ya kutenda haraka pamoja na gramu 25 za glukozi ili sukari isianguke, akavutishwa na mvuke wa salbutamoli, dawa ya pumu, ambayo nayo huzihimiza pampu za seli. Insulini kwa kipimo hicho huishusha potasiamu kwa kiasi cha milimoli 0.6 hadi 1 katika muda wa saa moja. Sukari yake ilipimwa kila saa kwa saa sita, kwa kuwa mwenye figo dhaifu insulini hukaa mwilini mwake muda mrefu na yaweza kuishusha sukari wakati wauguzi wamekwisha kugeukia mgonjwa mwingine.

Bado potasiamu ilikuwa mwilini, imehamishwa tu. Ibuprofeni na spironolaktoni zilisimamishwa, enalaprili ikazuiwa kwa muda, akatiliwa maji kwa tahadhari kwa sababu ya moyo wake, kisha akapewa furosemidi ili mkojo utiririke. Alfajiri kipimo kilikuwa 5.8, na siku ya tatu 4.9. Lau mkojo usingetoka, njia iliyobaki ingekuwa kusafishwa damu kwa mashine, ambayo ndiyo yenye uhakika kuliko zote.

Namba inayodanganya na namba ya chini

Si kila namba kubwa ni ya kweli. Chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu, na zikipasuka katika sindano au katika chupa ya maabara, humwaga potasiamu yao na karatasi ikasoma 6.5 kwa mtu ambaye damu yake ni 4.3. Hutokea mshipa unapopatikana kwa taabu, mkono unapofungwa kwa mpira muda mrefu huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, au damu inapokaa saa nyingi kabla ya kupimwa. Mgonjwa asiye na dalili, mwenye figo nzima na mchoro wa moyo ulio sawa, hupimwa tena. Lakini mchoro ulio sawa hautoshi kumtoa hofuni mwenye ugonjwa wa figo, kwa maana wapo wenye potasiamu ya juu kweli ambao mchoro wao hauoneshi kitu.

Kwa upande mwingine, namba ikishuka chini ya 3 moyo hautulii pia. Huwapata zaidi watu walioharisha au kutapika siku nyingi, na wanaotumia vidonge vya kukojoza kama furosemidi. Hapa milango ya potasiamu ya kuirudisha seli mapumzikoni hupitisha kidogo kuliko kawaida, seli huchelewa kupumzika, na katika ule ucheleweshaji hufyatuka tena kabla ya wakati wake. Mgonjwa husema moyo umeruka. Anayemeza digoksini yumo hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo na potasiamu hugombea nafasi moja katika pampu, na potasiamu ikipungua dawa hushika nafasi nyingi kupita kiasi. Wapo pia wanaopewa potasiamu siku nzima na namba isipande. Hao aghalabu wamepungukiwa na magnesiamu, ambayo kazi yake mojawapo ni kukaa kama kizibo katika milango ya bomba la figo. Kizibo kisipokuwapo, kila kinachoongezwa huvuja mkojoni.

Jikoni na duka la dawa

Turudi kwa akina mama waliouliza. Mtu mwenye figo nzima hana sababu ya kuogopa tende wala ndizi, na wengi wetu, kwa kweli, tunakula potasiamu pungufu kuliko inavyofaa kwa shinikizo la damu. Makatazo haya ni ya mwenye figo zilizoshuka sana au mwenye namba iliyokwisha kupanda, naye si lazima anyimwe kila kitu. Tende moja ndogo ya kufuturia ina takriban milimoli 1, nayo haimdhuru. Muhogo na viazi vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa kabla ya kuungwa, hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu. Ikiwa mchuzi ni ule ule uliochemshiwa, hakuna kilichopotea. Madafu hayana njia ya kuchemshwa yakapungua, na huyo mgonjwa ni bora ayaache.

Tunalihofia zaidi jambo moja ambalo huletwa nyumbani kwa nia njema: ile chumvi inayouzwa kama chumvi salama kwa wenye presha. Katika nyingi ya chumvi hizo, sodiamu yote au sehemu yake imeondolewa na mahali pake pametiwa kloridi ya potasiamu, yenye alama ya KCl. Kijiko kimoja cha chai cha KCl tupu chaweza kuwa na potasiamu inayozidi milimoli 60. Mwenye presha na figo nzima aweza kunufaika nayo. Mwenye figo dhaifu anayemeza enalaprili, losartani au spironolaktoni anajitilia mlo mzima wa potasiamu katika mchuzi bila kuonja tofauti.

Dawa hizo za presha zisiachwe kwa sababu ya makala haya. Ndizo zinazochelewesha kuchakaa kwa figo na kuurefushia moyo maisha, na daktari anazitoa akijua kwamba zitaipandisha potasiamu kidogo. Anachokihitaji ni kipimo cha damu wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kuongezwa dozi, kipimo ambacho mzee wetu hakukirudia. Kuhusu kufunga, mwenye uwezo wa figo ulioshuka kiasi kile aulize kabla ya mwezi kuandama, apimwe, na apangiwe saa za dawa na maji. Akiambiwa asifunge, ruhusa ya mgonjwa inajulikana kwa kila msomaji wetu.

Na kwenye duka la dawa, mwenye kumnunulia mzazi kidonge cha goti ataje figo kabla ya kutaja goti. Parasetamoli kwa kipimo chake haigusi bomba la potasiamu kama ibuprofeni na diklofenaki zinavyofanya. Mzee akilalamika kwamba miguu imekuwa mizito ghafla, ashikwe kifundo cha mkono na mapigo yahesabiwe kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 kwa mtu ambaye kawaida yake ni 70, au yakiwa hayana mpangilio, apelekwe hospitali usiku huo huo pamoja na mfuko wa dawa zake zote, zile za hospitali na zile za dukani.